Mpango wa karakana yetu: tushone oda au redimedi? (wiki 8 za kuanzia)

Jamani mafundi wenzangu, nimekaa na daftari la mwezi uliopita, nimeona tumalize hii kelele ya oda ama redimedi, maana kila mtu ana lake.

Oda zilikuwa 31. Tisa zilirudi kurekebishwa, na sita mpaka leo zinaning'inia hapo ukutani wenyewe hawaonekani, ikiwemo lile gauni la bluu lenye pini ubavuni, mwenyewe kaja kufiti mara tatu na kila akija kiuno kimebadilika. Gauni la oda linatula kama saa 8, kupima, kukata, kushona, kufiti, kufumua, kushona tena. Sasa sketi 12 za pateni moja tukizipanga tabaka na kuzikata kwa mpigo ni saa 2, kushona saa moja na nusu kila moja, jumla saa 20, yaani sketi moja haifiki hata saa 2.

Ila msikimbilie kusema tuache oda. Oda mteja anatoa advansi na kitambaa mara nyingi kaja nacho mwenyewe, redimedi kitambaa ni chetu na isipouzika hela ndo imelala hapo kabatini. Kwa hiyo mimi nasema oda ibaki ndo mgongo wetu, redimedi tuijaribu kwa kitu kimoja tu: sketi ya kiuno cha lastiki. Lastiki inasamehe vipimo, haina zipu, haina fiti.

Jumatatu mpaka Alhamisi ni oda. Ijumaa na Jumamosi redimedi, na siku hizo hakuna kupima mtu, hata akiwa shoga yako. Tunaanza na 12: ndogo 3, za kati 5, kubwa 4. Kila moja meta moja na nusu, jumla meta 18, zitoke jora moja, tukiunga majora mawili rangi zinaweza kupishana na mkishaunganisha ndo mtaona. Kama ni pamba tuiloweke kwanza ikauke ndo tukate, isije ikarudi ikiwa kwa mteja. Ovaloki tunayo moja, kwa hiyo mmoja akae hapo tu, wawili kwenye cherehani za kawaida, tusigombanie.

Wiki 3 zikipita tunahesabu. Zimeuzika 8 au zaidi, tunakata 12 nyingine rangi tofauti. Chini ya 5 tunasimama, zilizobaki tunapunguza bei ziishe. Katikati hapo tunabadilisha urefu au kitambaa, tunajaribu mara moja tu tena. Wiki ya 8 tunakaa tunaamua kama redimedi iongezewe siku.

Kwa oda pia kuna kubana: bila advansi ya nusu kitambaa hakiguswi, fiti mbili basi, ya tatu inalipiwa. Zile sita nitawapigia wenyewe kesho asubuhi, nikianza na huyu wa gauni la bluu.