Shukrani zangu kwako kwa msimu huu

Bi Rehema,

Barua hii ni yako peke yako. Shukrani za jumla nilizitoa kwenye kikao cha Ijumaa, lakini hata nilipokuwa nazisema niliona wazi kwamba zinakupunja.

Mkataba wako unasema upokee mzigo, uuingize kwenye daftari la stoo na uhakiki idadi. Basi. Mizigo inayotoka si yako, wala kuwafundisha vibarua wa msimu si kazi yako. Ndiyo maana nataka ujue kwamba niliyaona uliyoyafanya, na ninajua yalituletea nini.

Unakumbuka rafu ya marejesho pale karibu na mlango ilivyofurika hadi maboksi yakawa yanapangwa sakafuni. Lawama zote zilikuwa zinawaangukia wafungashaji. Wewe hukulaumu mtu. Ulikaa na ile mizigo baada ya zamu, ukafungua boksi moja baada ya jingine, ukakuta karibu yote yana kosa lile lile: saizi ya kati na saizi kubwa zinakaa rafu moja, maboksi yanafanana kama mapacha, na saizi yenyewe imechapwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Kibarua aliyeingia jana angejuaje? Kesho yake asubuhi nikakuta saizi kubwa imehamia rafu ya pili, utepe mwekundu umebandikwa ukingoni, na kila boksi limeandikwa saizi kwa kalamu nene pande mbili. Mwandiko ulikuwa wako, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Ndani ya wiki moja marejesho ya kukosea saizi yalikuwa yamebaki moja leo, jingine keshokutwa. Watu wawili waliokuwa wanashinda wakifungasha upya mizigo iliyorudi walirudi kwenye meza ya oda mpya. Gari la jioni, ambalo lilikuwa linasubiri mpaka saa mbili usiku, likaanza kutoka saa kumi na moja na nusu. Maana yake timu nzima ilifika nyumbani mapema, na wateja wa mbali wakapata mzigo wao siku moja kabla ya walivyozoea. Yule mteja wetu wa jumla aliyekuwa ameandika kwamba atahamia kwingine ameshaagiza mzigo wa msimu ujao. Kwenye barua yake ametaja jambo moja tu: safari hii hakurudisha hata boksi moja.

Halafu kuna suala la zamu ya usiku. Wakuu walipokuja na wazo hilo, wengi tulikuwa tunatazama meza. Wewe ulifungua daftari lako, ukawaonyesha kwa taarifa zako mwenyewe kwamba mzigo unakwama mchana, kati ya rafu na meza ya kufungashia, na kwamba kuongeza watu usiku ni kuongeza makosa gizani. Ulisema kwa adabu, na hukurudi nyuma. Wazo lilifia pale pale. Sidhani kama wenzako wanajua ni nani aliyewaokolea usingizi wao, kwa hiyo nimewaambia.

La kijana wa skana pia sijalisahau. Siku yake ya tatu alikuwa ameshavua fulana ya kazi, anaondoka. Sijui ulimwambia nini kule nyuma ya ghala, ila nilimwona anarudi, na wiki nzima ukawa unasimama naye nusu saa kabla ya zamu kuanza. Kuanzia mwezi ujao ni mwajiriwa wa kudumu, na alipoulizwa nani amdhamini kazini alikutaja wewe.

Shukrani ya mdomo haitoshi, kwa hiyo kuna mambo matatu nimeyafanyia kazi. Saa zote ulizobaki baada ya zamu zimeingizwa kwenye malipo ya mwezi huu, pamoja na zile ambazo hukuziandika. Mlinzi alikuwa anaziandika kwenye kitabu cha getini. Nakala ya barua hii imeingia kwenye faili lako, na mkurugenzi ameisoma. Na nimeomba karani wa pili wa stoo, maana sitaki moyo wako wa kujitolea ugeuke kuwa ndiyo mpango wetu wa kila mwaka. Ombi limekubaliwa, ningependa ukae nasi kwenye usaili, kwani wewe ndiye utakayefanya naye kazi.

Likizo uliyoiahirisha bado ni yako yote, na umeongezewa siku nne za mapumziko juu yake. Chagua tarehe unazotaka, uniletee fomu nisaini. Stoo nitaishika mimi mwenyewe ukiwa haupo, na utepe mwekundu sitaugusa.

Asante sana, Bi Rehema.

Salim
Meneja wa ghala