Kwa nini nchi jirani huungana, na kwa nini zikishaungana huvutana

Swali: Nchi zinazopakana huunda jumuiya za kiuchumi na kisiasa kwa sababu gani? Eleza faida zake na mivutano inayojitokeza, ukitoa mifano.

Jibu:

Nchi jirani huungana kwa sababu yapo mambo ambayo kila moja ikiyafanya peke yake inaingia gharama, na zikiyafanya pamoja zinapata nafuu. Lakini faida kuwepo ni jambo moja, na faida kumfikia kila mshirika ni jambo jingine. Hapo ndipo jumuiya nyingi hupimwa, na nitaeleza faida na mivutano kwa kuangalia hapo zaidi.

Tuanze na soko. Mtambo wa kutengeneza sabuni una gharama ileile ya ununuzi, utengeneze vipande laki moja au milioni kumi. Ukitengeneza vingi, gharama ya kila kipande inashuka. Nchi ndogo haina wanunuzi wa kutosha kuufanya mtambo huo uzalishe kwa uwezo wake wote, ila ikiunganisha soko lake na la jirani, kiwanda kinapata pumzi. Ndiyo maana hatua ya mwanzo huwa kufuta ushuru wa bidhaa zinazotoka kwa mwanachama kwenda kwa mwanachama. Hatua inayofuata ni umoja wa forodha, ambapo bidhaa kutoka nje ya jumuiya hutozwa ushuru mmoja, zipitie mpaka wowote. Bila ushuru huo mmoja, mfanyabiashara angeshushia mzigo katika nchi yenye kiwango cha chini kisha akausambaza kwingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza utaratibu huu mwaka 2005: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na 25 kwa bidhaa kamili. Mwaka 2022 ikaongeza kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo viwanda vya ndani vinaweza kuzalisha.

Faida hiyo inaonekana vizuri zaidi mpakani. Kwa utaratibu wa zamani, dereva wa lori alishuka upande wa nchi anayotoka, akapanga foleni, akakaguliwa na kugongewa muhuri, kisha akavuka mita chache na kuanza upya: foleni nyingine, ukaguzi mwingine, muhuri mwingine. Katika vituo vya huduma kwa pamoja, kama Namanga na Busia, maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja na dereva husimama mara moja, upande anaoingia. Mfanyabiashara mdogo naye amefikiriwa. Mwenye mzigo uliotoka ndani ya jumuiya na usiozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Kwa mama mwenye magunia machache ya maharage, karatasi hiyo ndiyo tofauti kati ya kupita mlangoni na kupita njia za panya.

Sababu ya pili ni amani, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ingawa majibu mengi huitaja kwa mstari mmoja. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu kati ya 1870 na 1945. Tarehe 9 Mei 1950 waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo mbili viwekwe chini ya chombo kimoja. Hakuchagua bidhaa hizo kwa kubahatisha. Chuma ndicho kilichotengeneza mizinga, na makaa ndiyo yaliyokiyeyusha. Nchi ambayo chuma chake kinasimamiwa kwa pamoja na jirani haiwezi kujiandaa kisirisiri kumvamia. Mwaka 1951 nchi sita zilitia saini mkataba huo, na kutoka hapo ukakua hadi kuwa Umoja wa Ulaya.

Yapo pia mahitaji ya kijiografia. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, hivyo mizigo yao hutegemea bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Tena nchi zikienda pamoja kwenye meza ya mazungumzo ya biashara, sauti yao husikika kuliko ikienda moja moja.

Sasa mivutano. Kila ngazi inayopandwa huitaka serikali iachie sehemu ya mamlaka yake. Kwenye umoja wa forodha inaachia kupanga ushuru. Kwenye soko la pamoja inalegeza udhibiti wa nani aingie kufanya kazi. Kwenye umoja wa sarafu inaachia kupanga thamani ya fedha yake. Ugiriki ililionja hili la mwisho katika mgogoro wa madeni ulioanza kuonekana mwishoni mwa 2009. Kwa kuwa ilitumia yuro, haikuweza kushusha thamani ya sarafu ili bidhaa zake ziwe nafuu nje, na badala yake ikabana mishahara na pensheni. Uingereza haikutumia yuro, lakini suala la nani aamue sheria na uhamiaji lilichangia sana asilimia 51.9 ya wapiga kura kuchagua kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Huko Afrika Magharibi, Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi katika ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya eneo hilo, Januari 2025, baada ya mapinduzi ya kijeshi na vikwazo vilivyofuata.

Kuungana kisiasa ni kugumu zaidi. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964 na Muungano upo hadi leo, ingawa mjadala juu ya mambo yapi yawe ya Muungano haujakoma. Singapore ilijiunga na Malaysia mwaka 1963 na kutengana nayo mwaka 1965.

Mvutano mkali kuliko yote ni wa mgao. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya 1967, ilikuwa na reli, posta, bandari na shirika la ndege vya pamoja. Lakini Kenya ilikuwa na viwanda vingi tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo soko lilipofunguliwa, bidhaa nyingi zilitoka huko. Wenzake walilijua tatizo. Mkataba uliruhusu mwanachama aliye nyuma kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za jirani, na ikaundwa benki ya maendeleo ya kuwapa Uganda na Tanzania sehemu kubwa zaidi ya mikopo. Haikutosha. Tanzania ilishika ujamaa, Kenya ikashika ubepari, na baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Marais walioshindwa kukutana hawakuweza kutatua ugomvi wa fedha. Mwaka 1977 jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na mali hazikukamilishiwa makubaliano ya kugawanywa hadi 1984.

Nchi hizo tatu ziliporudi mezani na kutia saini mkataba mpya tarehe 30 Novemba 1999, hazikuificha historia hiyo. Utangulizi wa mkataba wenyewe unataja kilichoiua jumuiya ya kwanza: upungufu wa utashi wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kuendelea kugawanywa bila uwiano huku kukiwa hakuna sera za kutosha za kurekebisha hali hiyo.