Maji yamekalia nini? Maswali na majibu kwa wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na pwani ya Mtwara

Kuanzia Agosti, visima vikianza kutoa tope, maswali huwa yale yale. Haya tumeyajibu kwa mpangilio wa yanavyoulizwa, na majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Shamba langu na la jirani yanapakana hapa Newala. Yeye kapata maji mita 6, mimi niko mita 14 na bado ni mchanga mkavu. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea popote, ila hamchoti kwenye maji ya aina moja. Uwanda wa Makonde umejengwa kwa mchanga na mawe ya mchanga, na ndani yake kuna vipande vya mfinyanzi, kimoja hapa, kingine kule, vyenye unene na upana tofauti. Mvua ikinyesha, maji hupita mchangani upesi. Yakikuta kipande cha mfinyanzi, hukaa juu yake kama uji juu ya sahani. Hiyo ndiyo akwifa iliyoning'inia: maji yamekalia sahani ndogo, na chini ya sahani kuna mchanga mkavu tena. Jirani yako yuko juu ya sahani. Wewe umepita pembeni mwake.

Usawa halisi wa maji ardhini, yaani pale ambapo kila tundu la mchanga limejaa maji na kuendelea kujaa kwenda chini, kwenye uwanda uko mbali sana kwa jembe na koleo. Ndiyo maana maji ya bomba ya Mradi wa Makonde husukumwa kutoka visima vya bonde la Mitema kupanda juu, badala ya kila kijiji kuchimba chake pale pale. Mita 14 zako hazijakaribia usawa huo. Simamisha uchimbaji, maana kila mita ya mchanga usio na ringi ni hatari ya kufukiwa.

Basi nikichimba kwa jirani, niende chini zaidi nipate mengi?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloua visima vingi vya uwandani. Fundi anaona maji mita 6, anayaona machache, anaendelea. Mita 7 anakuta udongo mgumu wa kijivu au mwekundu unaonata, anafurahi kwamba kisima "kimeshika". Anautoboa. Usiku maji yote yanashuka kwenye mchanga mkavu wa chini, na asubuhi kisima ni shimo. Si kisima chako tu, hata vya majirani walio kwenye sahani ile ile hupungua.

Fanya hivi. Kabla ya kuchimba, toboa tundu la majaribio kwa keekee ya udongo, ukiweka udongo wa kila nusu mita kwenye mstari juu ya gunia. Ukiona mchanga uliolowa, kisha mfinyanzi, andika kina cha mfinyanzi na simama. Pima unene wake kwenye tundu la pembeni, umbali wa mita kama 5, halafu lizibe tundu hilo kwa vidonge vya mfinyanzi mbichi vilivyoshindiliwa kwa mti, sentimita 15 kwa kila tabaka, mpaka juu. Tundu la majaribio lililoachwa wazi linavujisha kama tundu jingine lolote.

Mfinyanzi ukiwa na unene wa mita 1.5 au zaidi, unaweza kuingia sentimita 30 hadi 50 ili kupata kidimbwi cha kuchotea. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, usiuguse. Na kama umeshautoboa, jaza tundu kwa mfinyanzi ulioloweshwa kidogo, shindilia tabaka kwa tabaka hadi unene wa nusu mita, kisha mwaga kokoto juu. Saruji peke yake hupasuka udongo ukisogea.

Nitajuaje kisima kinatosha bustani?

Pima kurudi kwa maji, usipime kina tu. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 kina maji lita 113 katika kila sentimita 10 za kimo. Chota hadi karibu kikauke, subiri saa moja, pima kimo kilichorudi. Kikirudi sentimita 30, kisima kinaingiza kama lita 340 kwa saa mwanzoni, na kasi hiyo hushuka jinsi kisima kinavyojaa. Fanya kipimo hicho Septemba au Oktoba. Cha Aprili kinakudanganya, kwa sababu mvua za Desemba hadi Aprili zimejaza sahani na bado hazijanyonywa.

Halafu funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo kila nusu mita, pima asubuhi tarehe 1 ya kila mwezi kabla mtu hajachota, uandike. Daftari la miaka miwili litakuambia mengi kuliko mpiga ramli wa maji yeyote. Kama usawa unashuka mfululizo tangu Mei na kufika sifuri kabla ya mvua, umekalia sahani. Panga mboga zako kwa maji hayo, usipande hekta nzima.

Nikinunua pampu ya petroli?

Pampu ya kukaa juu inavuta kwa kunyonya, na haitanyonya zaidi ya takriban mita 7 hata iwe na nguvu gani. Watu huishusha ndani ya kisima ili iyafikie maji. Usifanye hivyo kamwe. Moshi wa injini hukaa ndani ya shimo, gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kukuonya, na huua anayeshuka na anayemfuata kumwokoa. Kwa kina zaidi, tumia pampu ya kuzamishwa ya umeme au sola, au pampu ya mkono yenye silinda iliyozama majini.

Kuna watu wanasema visima vya artesia hutoa maji vyenyewe bila pampu. Tunaweza kuvipata huku?

Jina limetokana na jimbo la Artois, Ufaransa. Maana yake ni hii: tabaka la mchanga lenye maji limebanwa juu na chini kwa mfinyanzi, nalo limeinama. Upande wa juu limejitokeza ardhini na mvua inaingia. Ukitoboa mfinyanzi wa juu kule bondeni, maji yanapanda bombani kwa sababu yanasukumwa na uzito wa maji yaliyoko mlimani, kama bomba la tangi lililo juu ya mwinuko. Kisima ni cha artesia maji yakipanda juu ya tabaka lake, hata yasipofika uso wa ardhi. Kumwagika chenyewe ni bahati ya ziada.

Mahali pa kutegemea hilo ni miguuni mwa miinuko na mabondeni, si juu ya uwanda. Masasi, ambako chini ni miamba migumu, maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa. Hapo utafutaji huanza kwa vipimo vya kitaalamu, si kwa hadithi ya maji ya kuruka.

Ukikipata kinachobubujika, kifunge. Bomba la kisima lizungushiwe saruji nje hadi ndani ya mfinyanzi unaobana, kisha weka koki juu. Kikiachwa kimwage usiku na mchana, shinikizo la tabaka zima hushuka na visima vya wengine huacha kububujika. Maji yakipenya nje ya bomba nayo huchota mchanga mpaka ardhi inadidimia. Uchimbaji wa kisima kirefu na matumizi ya maji yake ya kilimo yanataka kibali. Uliza Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini kabla hujalipa mchimbaji.

Chemchemi yetu chini ya mteremko ilikuwa haikauki. Sasa Oktoba ni unyevu tu. Wazee wanasema miti imekatwa. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Chemchemi ni mahali ambapo usawa wa maji unakata uso wa ardhi, mara nyingi pale mchanga unapokutana na mfinyanzi mteremkoni. Usawa ukishuka hata mita moja chini ya jicho la chemchemi, jicho linakauka ingawa maji bado yapo ndani. Maji yanayotoka Oktoba si ya wiki iliyopita, ni ya mvua za miezi au miaka ya nyuma, hivyo usitafute sababu ya jana tu.

Miti hainyeshi maji ardhini, inayanywa. Inachosaidia ni kufungua udongo na kuukinga ili mvua ipenye. Mteremko uliochomwa moto, ukakanyagwa na mifugo, hufunga gamba juu, na mvua kubwa hukimbilia korongoni. Lakini mikaratusi iliyopandwa karibu na jicho nayo hunyonya maji yale yale unayoyatafuta. Kwa hiyo swali si miti mingi au michache, bali ipi na iko wapi.

Angalia pia mambo yanayosahaulika. Je, kuna kisima cha pampu juu ya mteremko? Kinavuta usawa wa maji chini kuzunguka bomba lake. Je, mlijenga tangi la chemchemi? Kama bomba la kutolea maji limewekwa juu kuliko kimo cha awali cha jicho, maji hurudi nyuma na kutafuta njia nyingine. Kagueni mita 20 kila upande uone unyevu mpya. Na je, kuna mtu aliyechimba jicho "lipanuke"? Huenda amepasua sakafu ya mfinyanzi.

Pimeni kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Pimeni kila mwezi.

Tiba iko juu ya mteremko. Chimbeni mitaro ya kontua ya sentimita 60 kwa 60, mkiacha kizuizi kila mita 4 ili maji yasikimbie. Milimita 100 za mvua zikizama hekta moja badala ya kutiririka ni lita milioni 1, ingawa sehemu itanywewa na mimea. Msichimbe mitaro ukingoni mwa genge la uwanda, maji yakizama pale yanaweza kuporomosha udongo. Kuzunguka chanzo, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Sisi wa Mikindani visima vyetu vinaanza kuwa na chumvi. Tuchimbe zaidi?

Mkichimba zaidi mtaifikia chumvi mapema. Pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari yaliyo ardhini. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Kinyume chake ndicho kinachoumiza: ukivuta usawa ushuke mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40. Weka pampu ndogo, vuta saa nyingi polepole badala ya saa mbili kwa nguvu, na chimba visima viwili vifupi mahali pa kimoja kirefu. Kikishaonja chumvi, kipumzishe msimu wa mvua wote kabla ya kukipima tena.