Mazoezi ya Nyumbani kwa Wanaoanza: Dakika 20 Bila Vifaa Vyovyote

Maelezo mafupi
Mazoezi manne ya polepole kwa mtu mzima ambaye hajawahi kufanya mazoezi, au aliyeyaacha kwa muda mrefu. Utahitaji nafasi ya kulala chali, ukuta imara na kiti kisichoteleza.

Maelezo kamili
Video hii ni ya mwanzo kabisa, na nimeirekodi bila kuruka wala kukimbia ili anayeishi ghorofani, mwenye mwili mzito au mwenye magoti yasiyopenda kishindo aweze kuifuata hadi mwisho. Tunapasha mwili moto, tunafanya mazoezi ya miguu, kifua na mikono, nyonga na tumbo, kisha tunajinyoosha. Kiti ninachokitumia si kifaa cha mazoezi. Kipo nyuma yako ili ujue pa kukaa miguu ikichoka.

Sikuahidi kwamba utapunguza kilo fulani kwa siku fulani, wala kwamba tumbo litakuwa bapa, kwa sababu uzito hutegemea pia chakula, usingizi, umri, afya na dawa unazotumia, na kwa sababu kufanyia kazi misuli ya tumbo hakuchagui mafuta ya tumbo peke yake. Unachoweza kukitarajia ukirudia mazoezi haya kwa wiki kadhaa ni cha kawaida zaidi: kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono huenda kukawa rahisi, na ngazi zisikuhemeshe kama zamani. Sehemu ya nguvu za mwanzo hutokana na neva kujifunza kuitumia vizuri misuli uliyonayo tayari, kwa hiyo usishangae ukijisikia imara huku kioo hakionyeshi tofauti yoyote.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kasi ni ya wastani, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake au keshokutwa ni ya kawaida kwa anayeanza, lakini maumivu makali ya kiungo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama mara moja na kutafuta msaada wa kitabibu. Ikiwa una ugonjwa wa moyo, ni mjamzito au umefanyiwa upasuaji karibuni, zungumza kwanza na daktari wako.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafikie dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Video hii peke yake haifikishi kiasi hicho. Ifanye mara 2 au 3 kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati, na siku nyingine utembee.

Sura za video
0:00 Utangulizi na nafasi unayohitaji
1:15 Kupasha mwili moto
5:00 Kukaa kitini na kuinuka
8:10 Pushapu za ukutani
11:20 Kuinua nyonga ukiwa umelala chali
14:00 Planki ya magotini
16:30 Kupoza mwili na kujinyoosha
20:10 Kupanga wiki yako

Picha ya jalada
Maneno: «DAKIKA 20. BILA VIFAA.»
Maelezo kwa wasioona: Mtu mzima aliyevaa fulana ya buluu amesimama hatua moja kutoka ukutani, viganja vikiwa ukutani kwenye usawa wa kifua, viwiko vikiwa vimekunjwa.
Hakuna picha mbili za «kabla» na «baada», kwa kuwa hakuna baada iliyotokea ndani ya dakika 20.

Lebo
mazoezi ya nyumbani, mazoezi kwa wanaoanza, mazoezi bila vifaa, mazoezi ya dakika 20, mazoezi bila kuruka, pushapu za ukutani, mazoezi ya miguu nyumbani, planki kwa wanaoanza, mazoezi ya viungo kwa Kiswahili

Alama reli
#MazoeziNyumbani #MazoeziBilaVifaa #WanaoanzaMazoezi

Lugha, manukuu na hadhira
Lugha ni Kiswahili, na manukuu ya Kiswahili yamesahihishwa kwa mkono. Video imelenga watu wazima, haikutengenezwa kwa ajili ya watoto.

Maoni ya kubandikwa juu
Kwenye 9:05 viwiko vyangu vimetanuka mno pembeni. Nimeiacha sehemu hiyo makusudi, kwa sababu ndilo kosa ambalo wengi hulifanya mikono ikianza kuchoka. Sekunde chache baadaye utaniona nikivirudisha karibu na mbavu na kusogea nusu hatua kuelekea ukutani, jambo linalopunguza uzito unaousukuma. Nawe ukiona viwiko vinatanuka, sogea. Andika hapa chini umefika sura ya ngapi leo. Aliyeishia 8:10 naye amefanya mazoezi.