Nyiragongo ilipopasuka: yaliyotokea, na majibu ya maswali yenu

Ukurasa wa watoto. Goma, Jumamosi 12 Juni 2021

Leo ni wiki tatu tangu mlima Nyiragongo upasuke. Wengi wenu mmerudi nyumbani wiki hii. Wengine bado mko Sake, Minova, Bukavu, au ng'ambo kule Rwanda. Na wako watoto ambao nyumba yao haipo tena.

Mmesikia maneno mengi njiani. Mengine ni ya kweli, mengine yametungwa na watu wenye hofu. Hapa tumeandika yale yaliyothibitishwa tu. Kuna sehemu za huzuni ndani yake. Ukichoka, weka karatasi chini ukacheze, utaendelea kesho. Ukitaka, isome pamoja na mama, kaka au bibi.

Usiku ule

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei, jioni. Mbingu upande wa kaskazini ikawa nyekundu. Umeme ukakatika mitaa mingi. Watu wakatoka nje, wakautazama mlima, wakaanza kukimbia: wengine kuelekea mpaka wa Rwanda, wengine njia ya Sake, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni.

Lava ni mawe yaliyoyeyuka kwa joto kali. Joto lake hufika karibu digrii 1,000. Maji yanayochemka jikoni kwenu hayafiki hata digrii 100, kwa sababu Goma iko juu sana, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo lava inapofika kwenye nyumba ya mbao, nyumba inawaka hata kabla haijaguswa.

Lava iliteremka usiku kucha. Ilifunika vijiji katika teritwari ya Nyiragongo, ikakata barabara ya kwenda Rutshuru, ikafika Buhene, pembeni kabisa mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Hapo ikasimama. Haikuingia katikati ya Goma na haikufika Ziwa Kivu.

Watu walikufa

Ndiyo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hatutaki kuficha neno hilo na kusema kwamba "wamelala" au "wamesafiri". Mtu aliyekufa mwili wake umeacha kufanya kazi, na harudi.

Wengine waliunguzwa na lava. Wengine walikufa katika ajali za magari, kwa sababu watu wengi walikimbia kwa wakati mmoja gizani. Na baada ya lava kusimama, wako watu waliojaribu kuivuka kwa miguu ikiwa bado moto, wakavuta gesi mbaya iliyokuwa ikitoka ndani yake, wakafa. Ndiyo sababu wakubwa wanawafokea mkikaribia mawe yale mapya. Juu yanaonekana meusi na yamepoa. Ndani yanaweza kubaki na moto kwa miezi mingi.

Ikiwa aliyekufa ni mtu wa kwenu, unaweza kulia, unaweza kukasirika, unaweza pia kucheka na marafiki kesho yake. Kucheka hakumaanishi umemsahau.

Kwa nini mlima ulipasuka?

Chini ya miguu yetu, mbali sana, kuna mawe yaliyoyeyuka. Sehemu hii ya Afrika inaachana pole pole, milimita chache kila mwaka, na pale ardhi inapoachana moto wa chini hupata njia ya kupanda. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa milima ya Virunga, Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ikiwemo.

Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470. Juu kabisa ina shimo kubwa, na ndani ya shimo hilo mlikuwa na ziwa la lava. Wale wanaoishi Goma wamezoea kuona wekundu wake usiku. Lakini tarehe 22 Mei lava haikumwagika kutoka juu. Fikiria bidoni lililojaa maji, kisha mtu alitoboe ubavuni kwa chini: maji yatatokea pale palipotobolewa, na mdomoni mwa bidoni hayatapita. Ubavu wa mlima ulipasuka upande wa kusini, yaani upande wetu, na lava ikatokea hapo.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka upesi kuliko ya milima mingi ya moto duniani. Tarehe 10 Januari 1977 ilikimbia kasi sana hata watu wengi vijijini hawakupata nafasi ya kutoroka. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Waulize wazazi wenu kuhusu 2002. Wengi wao walikuwa na umri wenu.

"Ni nani alifanya mulima ikasirike?"

Swali hili limeletwa na mtoto wa miaka 8 wa Majengo, na hatukulipokea kutoka kwake peke yake.

Hakuna aliyeukasirisha. Mlima hauna masikio wala hasira. Haukupasuka kwa sababu ulimjibu mama vibaya, au ulikosa kanisani, au uliota moto usiku uliotangulia. Na mtu akikuambia kwamba bibi fulani, au mtoto fulani, ndiye aliyeuamsha kwa uchawi, anasema uongo, na uongo wa namna hiyo huumiza watu. Usiurudie. Mwambie mkubwa unayemwamini.

Mbona hatukuambiwa mapema?

Hapa wakubwa wana la kujibu.

Goma ina wataalamu wanaosikiliza mlima kila siku. Ofisi yao inaitwa OVG, na ilianzishwa 1986. Wana mashine zinazopima mitetemo ya ardhi. Lakini mradi uliokuwa ukisaidia kulipia kazi hiyo ulimalizika 2020, na kwa miezi kadhaa hawakuwa na intaneti ya kupokea habari za mashine zao. Kazi ya kuwasikilizia mlima watu wa mji mzima ilikosa pesa ya intaneti. Watoto, hilo si jambo la kawaida, na mna haki ya kuuliza kwa nini.

Pia ni kweli kwamba safari hii mlima ulitoa dalili ndogo sana kabla ya kupasuka. Hata mashine zote zingefanya kazi vizuri, huenda muda wa kuwaonya watu ungekuwa mfupi.

Kwa nini tuliondoka mara ya pili?

Wengi walirudi Jumapili asubuhi, tarehe 23, wakidhani imekwisha. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, siku nyingi mfululizo. Kuta zilipasuka Goma na kule Gisenyi. Sababu yake ni kwamba moto mwingine ulikuwa unatembea chini ya ardhi, chini ya mji na chini ya ziwa.

Alhamisi tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Watu laki nyingi walitoka siku ile. Mliotembea hadi Sake mnajua vizuri kuliko sisi tunaoandika: zaidi ya kilomita 20, vumbi, foleni ya chukudu na pikipiki, na usiku kulala darasani au kanisani.

Moto ule wa chini haukutoka tena juu. Mitetemo ikapungua, na Jumatatu iliyopita, tarehe 7 Juni, Waziri Mkuu Sama Lukonde alitangaza kwamba watu waanze kurudi pole pole.

"Eske ziwa itapasuka?"

Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 450, na kule chini kabisa kuna gesi nyingi. Uzito wa maji ya juu unaikandamiza, inabaki hukohuko. Wataalamu waliogopa kwamba moto ukitokea chini ya ziwa ungeisukuma gesi ile ipande. Hiyo ni mojawapo ya sababu za watu kuondolewa. Haikutokea. Mwaka 2002 pia lava iliingia ziwani na gesi haikupanda. Wataalamu wanaendelea kupima maji.

Gesi ambayo ni ya kuogopa kila siku ni mazuku. Hujikusanya kwenye mashimo na mabonde, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, kwenye kimo cha mbuzi na cha mtoto. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usishuke. Usishuke hata kufuata mpira. Ita mkubwa.

Itapasuka tena?

Ndiyo, siku moja. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja tarehe, na anayekutajia anakudanganya. Kwenye njia panda kadhaa mjini kuna vibao vya rangi: kijani mlima umetulia, njano tuwe macho, machungwa tujiandae, nyekundu tuondoke. Ukipita na mkubwa, mwombe akuonyeshe kilicho karibu na kwenu.

Jambo moja mnaweza kulifanya leo. Usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Siku za kwanza pekee walihesabiwa zaidi ya 150. Wengi wamekwisha kupatikana. Aliyejua kusema jina lake lote, jina la baba na mama, na kartie yao, ilikuwa rahisi kumsaidia. Jifunze kwa moyo, pamoja na namba moja ya simu. Mfundishe na mdogo wako. Ukipotea, tafuta mtu aliyevaa fulana yenye msalaba mwekundu, au mama mwenye watoto, na ukae hapo usizunguke.

Na kama tangu siku ile unakojoa kitandani, au lori likipita unaruka ukidhani ni tetemeko, wewe si mwoga. Mwili wako bado unakulinda. Itapungua. Isipopungua, mwambie mwalimu au muuguzi.

"Chukudu ya papa iliungua. Tutaipata lava ikipola?"

Hapana, mwanetu. Mbao zimeungua zote, na kilichokuwa chuma kimefungwa ndani ya jiwe. Nyumba zilizofunikwa hazitachimbuliwa. Viwanja vitapimwa upya na wakubwa, na hilo huchukua muda na maneno mengi. Baada ya 2002 watu walijenga juu ya lava ileile, wakavunja mawe yake wakapata kuta na uzio, na sehemu kubwa ya Birere leo imesimama juu yake. Chukudu mpya ni kazi ya fundi, mti mgumu, na pesa ambayo papa bado anaitafuta.

Wiki ijayo: kwa nini maji ya bomba hayajarudi kartie nyingi, na namna ya kuyasafisha maji ya ziwa kabla ya kunywa.