Mkalimani wa mkataba wa mabondo, Kirumba: nyota 4 kati ya 5

Nimemtumia huyu kaka kwa kazi mbili, kutafsiri mkataba wa mabondo makavu ya sangara toka Kiingereza, na kukalimani kwenye kikao chetu na mnunuzi wa Hong Kong hapa Kirumba. Naandika kirefu maana wengi tunasaini vitu hatuvielewi afu tunakuja kulia mzigo ushaenda.

Usahihi 5/5. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, nilimpa aulinganishe mstari kwa mstari, namba zote zimekaa, kilo, dola, asilimia ya unyevu, hata kile kipengele cha nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa hajakirembesha. Kwenye kikao alikua na daftari anaandika, mgeni akimaliza ndo anaanza yeye, na mgeni aliposema mzigo uliopita ulikua na mchanga alifikisha hivohivo, mzee wetu wa Kayenze akanuna kweli, ila ndo tukajua bei imeshuka kwa nini. Mkalimani anayekupunguzia maneno mabaya anakutia hasara tu.

Sehemu zisizoeleweka, 5/5 na hapa ndo nilimkubali kabisa. Mkataba ulikua umeskaniwa vibaya, muhuri umekaa juu ya bei ya daraja la pili, ukiangalia ni 65 au 85 huwezi kujua. Hakubahatisha, aliandika [haisomeki: 65 au 85?] akanipigia niombe kopi safi kwa mnunuzi. Tarehe ya kupakia nayo ilikua 04/05, Aprili au Mei? Akaniuliza, nikauliza, kumbe ni Mei 4. Mwishoni mwa tafsiri kaweka maswali yake yote na majibu tuliyopewa, wakili wangu alianzia kusoma hapo.

Siri 5/5. Mjini hapa tumezoea kupeleka karatasi steshenari, faili linabaki kwenye kompyuta ya duka na kila anayekuja kuprinti analiona. Huyu alisaini karatasi ya kutunza siri kabla hajafungua chochote, kazi akaituma ina paswedi, paswedi akanitajia kwa simu. Jamaa mmoja tunayenunua nae mwalo mmoja alimfata ajue tunauza bei gani akaambiwa hapana, na aliyenisimulia ni huyohuyo jamaa, amekasirika.

Muda 2/5. Tulikubaliana Ijumaa saa 10 jioni, nimepata Jumamosi saa 5 asubuhi. Alitoa taarifa Alhamisi sawa, lakini kopi safi alikua nayo toka Jumatano kwahiyo sio sababu, na wakili nilishamlipia muda wake wa Ijumaa. Kikao aliwahi, hilo sina shida nalo.

Mkataba unaofuata nishampelekea yeye. Ukimpa kazi mtajie siku moja kabla ya ile unayoihitaji, na makubaliano ya muda muandikishiane.