Barua ya maombi ya kujitolea: kuwasomea na kuwasindikiza watu wasioona

Ndugu Mratibu,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KUJITOLEA

Naomba nafasi katika mpango wenu wa miezi sita wa kuwasomea na kuwasindikiza watu wasioona. Nina umri wa miaka 19, nilimaliza sekondari mwaka jana na sijawahi kuajiriwa popote. Kwenye fomu, mahali panapouliza uzoefu wa kazi, nimeandika "sina" kwa sababu ndiyo kweli. Lakini kwa miaka mitatu nimekuwa nikimsomea babu yangu na kutembea naye, na ndiyo sababu ya barua hii.

Babu ana glakoma. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni, kwa hiyo kwa muda mrefu nyumbani tulidhani anajikwaa kwa sababu ya uzee. Matone ya dawa husaidia kulinda uoni uliobaki. Uliokwisha kupotea haurudi. Alipofika mahali hawezi tena kusoma, kazi hiyo ikawa yangu: magazeti, barua, maelezo ya dawa, hata maandishi ya nyuma ya picha za zamani.

Siku moja nilimsomea barua ya daktari. Nilipofika kwenye sentensi iliyosema jicho la kushoto halitaona tena, nikairuka. Nilimwonea huruma. Babu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umevuta pumzi pale. Rudi, usome kilichoandikwa." Nikarudi, nikasoma. Hakulia. Aliniuliza tarehe ya miadi inayofuata, basi. Mimi ndiye niliyekosa usingizi usiku ule, kwa kuwa nilielewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya barua yake mwenyewe. Tangu hapo sijaruka neno, na sijaongeza neno. Akitaka maoni yangu huniuliza.

Kutembea naye pia kulinifundisha kwa makosa. Mwanzoni nilikuwa namshika mkono na kumvuta, naye alikuwa anakakamaa. Siku hizi yeye ndiye hushika kiwiko changu, mimi nikiwa nusu hatua mbele, ili mwili wangu umwambie njia inapopinda. Kwenye ngazi nasimama kwanza na kusema kama zinapanda au zinashuka. Kiti simkalishi, naweka mkono wake kwenye mgongo wa kiti, akae mwenyewe. Na nikitoka chumbani nasema natoka, kwa sababu niliwahi kumkuta akizungumza na mtu aliyekwishaondoka, nami sitaki aonje tena aibu ile.

Kuna jambo moja dogo ambalo huenda likawafaa na wengine. Nilisoma kwamba vitu vilivyo mezani huelekezwa kwa uso wa saa. Nikamwambia maji yako saa tatu, nikimaanisha kulia, kwenye tarakimu 3. Yeye akapeleka mkono kushoto, kwa kuwa saa tatu kwa Kiswahili mshale mfupi huwa kwenye 9. Alikuwa sahihi. Tukakubaliana kutaja tarakimu, wala si saa. Nikipangiwa mtu mpya, nitaanza kwa kumuuliza yeye anatumia lugha gani ya kuelekezana, badala ya kudhani.

Nisiyoyajua ni mengi. Sijui kusoma nukta nundu. Najua tu kwamba kila herufi hujengwa ndani ya nafasi ya nukta sita, na Louis Braille aliutangaza mfumo huo mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20. Nimesoma kwenye tangazo lenu kwamba wanaojitolea hufundishwa misingi yake, na sitaficha kwamba hilo limenivuta sana. Babu anasema vidole vyake vimezeeka mno kuweza kujifunza. Mimi nataka nijifunze kwanza, halafu nimuulize tena. Pia sijawahi kumsindikiza mtu anayetumia fimbo nyeupe, wala mtu nisiyemfahamu, na najua sauti yangu hukimbia nikisoma kwa zaidi ya saa moja. Ningependa mtu anisikilize wiki za mwanzo na anikosoe bila kunionea haya.

Nina nafasi Jumanne na Alhamisi mchana, na Jumamosi siku nzima, kwa miezi yote sita. Asubuhi za siku za kazi ninakuwa na babu. Nikipangiwa kumsomea mtu, siku ambayo siwezi kufika nitamjulisha yeye mwenyewe pamoja na ofisi, mapema, maana mtu anayesubiri kusomewa barua hana njia nyingine ya kujua imeandikwa nini.

Jina langu kamili, namba ya simu na barua ya utambulisho ya mwalimu wangu wa darasa viko kwenye fomu niliyoambatisha. Niko tayari kuja kwa mahojiano, au kusoma mbele yenu maandishi yoyote mtakayochagua.

Wako mwaminifu,
Mwombaji